Kabla hujahesabu maziwa, muulize msemaji alisimama wapi

Kama ndiyo kwanza umepewa kazi ya kuorodhesha majina ya mahali kutoka ramani na barua za zamani za Afrika Mashariki, nikueleze kosa langu la kwanza. Niliandika kadi tatu: Bahari ya Ukerewe, Nalubaale, Nam Lolwe. Niliwasilisha nikijisifu kwamba nimepata maziwa matatu. Mzee tuliyekuwa naye akazisoma, akaziweka mezani moja juu ya nyingine, akaniuliza, "Mwanangu, hawa waliosema walikuwa wamesimama wapi?"

Sikuwa na jibu, na jibu lilikuwa ndiyo kazi yenyewe. Msafara uliotoka Tabora kwenda kaskazini ulifika ufuko wa kusini, upande wenye kisiwa cha Ukerewe, kwa hiyo wafanyabiashara wakayaita maji yote kwa jina la kisiwa. Waganda wa kaskazini waliyaita Nalubaale, jina linalotokana na lubaale, miungu yao. Waluo wa mashariki walisema Nam Lolwe. Watu hao wote walikuwa wakitazama maji yaleyale, Ziwa Victoria la leo. Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja alitaja upande wake.

Jina la mfanyabiashara karibu kila mara ni jina la mwisho wa safari. Ndiyo maana Ziwa Tanganyika liliitwa Bahari ya Ujiji: Ujiji ndiko msafara ulikotua mizigo. Usishangae hilo neno bahari, kwa mtu wa pwani maji usiyoyaona ng'ambo ni bahari tu, yawe ya chumvi au matamu.

Kuna mtego mwingine unaovuta kinyume, nao umewanasa wakubwa kuliko mimi. Miaka ya 1850 wamisionari Erhardt na Rebmann waliwahoji wasafiri wa misafara huko pwani. Waliokwenda bara kwa njia ya kaskazini walisema wamefika kwenye maji makubwa. Waliokwenda Ujiji walisema vivyo hivyo, na waliotoka Kilwa wakasema vivyo hivyo. Wamisionari wakaunganisha habari zote wakachora ziwa moja, refu kama konokono asiye na gamba, kuanzia karibu na ikweta hadi kusini kabisa kwenye Nyasa. Ramani ilipotoka mwaka 1856, wataalamu wa Ulaya waliibishania sana.

Aliyefumbua fumbo alikuwa mfanyabiashara. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, Snay bin Amir aliwaeleza kwamba wamisionari wamechanganya maziwa matatu: Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe. Alizijua njia zake, na njia hazikukutana. Agosti mwaka uliofuata Speke alisimama kwenye ufuko wa kusini wa hilo la Ukerewe, akalipachika jina la malkia wake, Victoria. Burton baadaye akaangukia upande wa pili, akadai huenda ni maziwa kadhaa. Ubishi haukuisha mpaka mpelelezi mwingine, Stanley, alipolizunguka kwa mashua mwaka 1875.

Basi unapoandika kadi, kwanza ondoa neno lenye maana ya maji tu. Nyanza, nyanja na nyasa ni ndugu wa shina moja, na yote maana yake ni ziwa au maji makubwa. Nam ya Kiluo ni hivyohivyo. (Tunaposema Ziwa Nyasa tunasema "ziwa ziwa", na hakuna anayecheka.) Kwa hiyo Nyanza mbili katika barua mbili hazithibitishi ziwa moja, maana kila mtu ana nyanza yake. Kilichobaki baada ya kuondoa neno hilo, kama kipo, ndicho jina.

Halafu andika msemaji alitokea wapi, alifikia ufuko upi, na ng'ambo alisema kuna nani. Hilo la ng'ambo lina thamani kubwa. Majina mawili yakiwa tofauti, lakini mmoja akisema ng'ambo ya kaskazini kuna Waganda na mwingine, akiwa Buganda, akisema kusini kuna Ukerewe, hapo una ziwa moja. Usikisie hilo kwa kufanana kwa majina peke yake.

Mwisho andika mwaka, maana jina huhama. Mwitanzige ni jina la ziwa ambalo mpelelezi Baker aliliita Albert mwaka 1864. Ukifungua ramani ya Stanley ya miaka ya 1870, jina hilohilo, likiandikwa Muta Nzige, liko kusini zaidi, kwenye maji ambayo yeye mwenyewe alikuja kuyapa jina la Edward mwaka 1889. Hadi leo nikikutana na jina hilo sigusi kadi yoyote ya zamani, naanza kadi mpya, na mwaka nauandika juu kabisa kabla ya jina lenyewe.