Pengo la Machi kwenye grafu ya ziwa

"Napima kina cha Ziwa Viktoria hapa Jinja kila siku. Siku 9 za Machi hazina kipimo, ila grafu imepitisha mstari mnyoofu tu. Niukate, nijaze au niweke alama?"

Ukate, ndugu yangu. Mwenzetu aliyekujibu kwanza kwamba mstari hujikata wenyewe penye thamani tupu yuko sahihi nusu: hujikata ikiwa safu ya siku hiyo ipo. Kwako nahisi safu zenyewe hazimo, hivyo programu inaunganisha tarehe 10 na 20 kama majirani. Zirudishe kwanza kwa pandas ya Python, s ikiwa ni vipimo vyako na tarehe ndiyo fahirisi:

```
s = s.asfreq('D')
s.plot(marker='.')
```

Hiyo nukta usiiache. Kipimo kimoja kilichobaki kati ya mapengo mawili hakina jirani wa kuunganishwa naye, kwa hiyo bila nukta kinapotea kabisa kwenye picha.

Kujaza? Ziwa kubwa hubadilika polepole, basi pengo la siku mbili tatu naweza kulipitishia mstari wa vidoto, rangi hafifu, na maelezo chini ya grafu. Siku 9 katika msimu wa mvua, mimi hapana, ingawa najua wanaokubali.

Dada wa Mbarara uliyeuliza kama siku zisizo na kipimo cha mvua uziandike sifuri, mvua yako ni habari nyingine. Sifuri maana yake ulitazama chombo ukakikuta kikavu. Siku ambayo hakuna aliyekitazama iache tupu, na utumie pau badala ya mstari.