Umeme ukikatika saa nne asubuhi: majibu kuhusu sola na betri za jengo la biashara

Nimekusanya bili za umeme za mwaka mzima. Je, zinatosha kukadiria paneli na betri za jengo letu la ofisi? Umeme hukatika karibu kila siku.

Hazitoshi, na si kwa sababu ni za mwezi mzima tu. Mita ya bili huhesabu kile gridi ilichokuuzia. Saa ambazo umeme ulikatika, mita inasoma sifuri, ilhali ofisini watu walikuwa wakifanya kazi kwa jenereta. Ukimpa mkadiriaji takwimu hizo, atadhani jengo lako hulala mchana. Betri atakayopendekeza itakuwa ndogo, na ndogo kwa zile saa hasa ulizonunulia betri.

Funga kifaa cha kurekodi baada ya chenjiova, upande wa jengo, ili kisome mzigo uwe unatoka gridi au jenereta. Kiandike kila dakika 15, kwa wiki mbili angalau, wikendi zikiwemo. Kifaa hicho hicho kikiweza kurekodi volti za upande wa gridi, utapata na orodha ya kukatika: lini ulikatika, lini ulirudi. Daftari la mlinzi pia linasaidia, ingawa walinzi wengi huandika saa ya kuwasha jenereta na kusahau saa ya kuizima.

Angalia pia dakika 30 za kwanza baada ya umeme kurudi. Viyoyozi vyote huamka pamoja na mzigo hupanda juu ya kawaida. Hilo halitokani na hitilafu ya kifaa, kwa hiyo usilifute kwenye takwimu.

Kampuni imetuletea ripoti inayosema asilimia 98 ya umeme wa sola tutautumia wenyewe. Bado wanatuuzia betri. Ni kwa nini?

Asilimia hiyo huenda ni ya kweli, na bado haijibu swali lako. Tuchukue jengo la mfano. Siku ya kazi linatumia kilowati 25 kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na kilowati 5 saa nyingine zote. Paneli zake ni za kilowati 40, na siku ya jua zuri zinatoa uniti 180: uniti 13 katika saa ya kwanza ya kazi, kisha 19, 23, 26, halafu 26 tena, na kushuka kwa mpangilio huo huo hadi magharibi.

Linganisha saa kwa saa. Mapema asubuhi kuna ziada ya uniti 2, na katikati ya mchana uniti 2 nyingine. Basi. Uniti 176 kati ya 180 zimeliwa moja kwa moja, na ndiyo ile asilimia 98 yako. Betri ya kuhifadhi ziada ya uniti 4 haina kazi ya maana. Jumamosi na Jumapili mambo hubadilika: mzigo ni kilowati 5 tu, paneli zinalisha uniti 54 mchana kutwa na 126 zinabaki. Hapo betri inajaa, lakini ni siku mbili kwa wiki.

Sasa kata umeme siku ya kazi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 7 mchana. Kama inveta ni ile ya kuungana na gridi tu, inazima papo hapo. Imetengenezwa hivyo makusudi, isije ikarudisha umeme kwenye nyaya ambazo fundi wa shirika anazishika akijua zimekufa. Umepoteza uniti 23, 26 na 26, jumla 75. Saa tatu ni sehemu moja ya nane ya siku, lakini zimekula zaidi ya asilimia 40 ya uzalishaji wa siku hiyo. Saa tatu hizo hizo zikiangukia usiku, hujapoteza hata uniti moja ya sola. Ripoti ya asilimia 98 ilichukulia kwamba gridi ipo mwaka mzima. Kwa jengo lenu betri inajilipa kwenye kukatika kwa umeme, na ripoti inayoihesabia faida ya kuhamisha jua la mchana kwenda usiku imeiweka kwenye kazi ambayo haipo.

Mimi hutumia Excel. Umeme hukosekana asilimia 12 ya muda, kwa hiyo nimepunguza matokeo yote kwa asilimia 12. Nimekosea?

Ndiyo, na mfano wa hapo juu unaonyesha kwa kiasi gani. Wastani haujui saa. Weka safu ya ziada yenye 1 gridi ikiwepo na 0 ikikosekana, ukitumia orodha halisi ya kukatika uliyorekodi, kisha pitia mwaka saa baada ya saa ukibeba hali ya betri kutoka saa moja kwenda nyingine. Kiini cha hesabu, kikiandikwa kwa Python, ni hiki:

```
for t in range(len(sola)):
    hitaji = mzigo[t] if gridi[t] else muhimu[t]
    sakafu = akiba if gridi[t] else 0
    tofauti = sola[t] - hitaji
    if tofauti >= 0:
        ingia = min(tofauti, uwezo - betri)
        betri += ingia
        if not gridi[t]:
            potea += tofauti - ingia
    else:
        toka = min(-tofauti, max(0, betri - sakafu))
        betri -= toka
        if not gridi[t]:
            giza += -tofauti - toka
```

Hapa `muhimu` ni mzigo wa ubao wa dharura pekee: taa, kompyuta, mitambo ya mtandao, labda pampu. `akiba` ni kiwango, kwa uniti, ambacho betri haishuki chini yake gridi ikiwepo, na `uwezo` ni uniti zinazoweza kutumika kweli. Nimeacha makusudi upotevu wa kuchaji na kutoa, kikomo cha kilowati za inveta, na kuchaji betri kutoka gridi. Viongeze baada ya mifupa hii kusimama, vinginevyo hutajua kosa liko wapi.

Matokeo mawili ya kutazama ni `giza`, yaani uniti ambazo jenereta italazimika kutoa, na `potea`, jua lililokosa pa kwenda umeme ulipokatika. La pili huwashangaza watu. Katika ile saa 4 hadi saa 7 yetu, tuseme mzigo wa dharura ni kilowati 12. Unakula uniti 36 kati ya 75. Zikibaki 39 na betri imejaa, inveta inazikataa. Pale ambapo paneli zina inveta yake na betri ina ya kwake, inveta ya betri hupandisha masafa juu kidogo ya hezi 50 ili ile ya paneli ipunguze au izime. Ukiona uzalishaji unapanda na kuporomoka kila baada ya dakika chache wakati gridi haipo, mara nyingi chanzo ni hiki. Dawa ya bei rahisi ni kuhamishia viyoyozi viwili vitatu kwenye ubao wa dharura, kwa swichi inayoviruhusu kuwaka pale tu betri ikizidi asilimia 90.

Fundi ameweka akiba ya betri asilimia 30. Mwenzangu anasema 80. Nani yuko sahihi?

Inategemea ni siku gani, na ndiyo maana namba moja kwa wiki nzima hainiridhishi. Tuendelee na jengo letu, betri yake iwe ya uniti 40 zinazotumika.

Siku za kazi ziada ni uniti 4. Kuishusha betri hadi asilimia 30 hakukupi chochote, kwa kuwa jua la kesho halitaijaza tena. Iweke 80. Kwa nini si 100? Betri za lithiamu huchakaa haraka zaidi zikikaa zimejaa muda wote, na unataka nafasi kidogo ya kupokea jua umeme ukikatika mchana.

Wikendi ni habari nyingine. Jumapili jioni betri imejaa, kisha mzigo wa kilowati 5 unaimaliza hadi kwenye akiba kabla ya alfajiri. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, baada ya siku yenye ziada kubwa kuliko zote, ndipo betri iko chini kabisa. Chukua Jumatatu ya mawingu, paneli zikitoa robo tu, na umeme unakatika saa 2 hadi saa 5. Unahitaji uniti 36, jua linatoa karibu 14, pengo ni 22. Akiba ya asilimia 30 ni uniti 12: jenereta itatoa 10. Akiba ya 60 ni uniti 24, na pengo limezibwa.

Gharama ya kupandisha akiba usiku wa Jumapili peke yake ni uniti 12 ambazo ungeziepuka kununua gridi. Ikiwa uniti ya jenereta inakugharimu mara tatu ya ile ya gridi, zile 10 zina thamani ya 30. Inalipa kama tukio hili hutokea zaidi ya Jumatatu mbili kati ya tano. Chini ya hapo, acha jenereta iwake. Hesabu hii inachukulia kwamba hulipwi kwa ziada unayorudisha gridini. Ukilipwa, akiba ya juu inakuwa nafuu zaidi. Na kama kuzima kwa dakika moja kunakuharibia kazi, usipime kwa bei ya uniti tu.

Jambo moja la kuchunguza kwenye rekodi yako ni kukatika kunakofuatana. Umeme ukirudi kwa saa moja na chaja inaingiza kilowati 10, betri imepata uniti 10 tu kabla ya kukatika tena.

Hesabu ilisema hatutakaa gizani, lakini inveta inazima mara lifti inapoanza. Betri ilikuwa asilimia 70.

Hesabu ya saa kwa saa huona wastani. Mota ya lifti au pampu huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa sekunde chache, na hilo halionekani hata kwenye rekodi ya dakika 15. Betri ina nishati, inveta haina nguvu. Soma kumbukumbu ya hitilafu kwenye skrini yake: ikiandika kuzidiwa mzigo wakati chaji ipo juu, usinunue betri nyingine. Weka kianzishi laini kwenye mota, au iondoe kwenye ubao wa dharura.

Jenereta tuiuze?

Bado. Ila kama itafanya kazi sambamba na paneli, hakikisha kidhibiti hakiiachi chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake. Jua likichukua mzigo wote, injini inazunguka karibu bure, dizeli haiungui vizuri, na utaanza kuona mafuta meusi yakivuja kwenye bomba la moshi. Kwenye hesabu, kila saa jenereta inapowaka, ondoa asilimia hizo 30 kwenye mzigo kabla ya kuipa sola nafasi.