Mteremko wa nyuzi 8 uliosogea

Hesabu yangu ya kwanza kuhusu mteremko wa udongo wa mfinyanzi ilionyesha kuwa ardhi ile ingestahimili mzigo mara mbili na zaidi. Ulikuwa na mwinamo wa nyuzi 8 tu. Mvua zilipokolea, ukasogea. Nawaeleza nilipokosea, ninyi mnaoanza kazi hii.

Nilikuwa nimepima sampuli nzima, yaani ya udongo usiowahi kuteleza. Kumbe mita 4 chini palikuwa na uso wa poromoko la zamani, sambamba na mteremko. Maji yalikuwa mita 2 chini ya ardhi. Kila mita ya ujazo ina uzito wa kilonyutoni 19, kwa hiyo uzito unaovuta kuelekea bondeni hutoa kama kilopaskali 10.5 kwenye uso huo, na mgandamizo unaobaki baada ya kuondoa shinikizo la maji ni 55.

Udongo mzima ulikuwa na mshikamano wa kilopaskali 5 na pembe ya msuguano ya nyuzi 22, yaani ukinzani wa 27. Gawanya kwa 10.5: unapata 2.6. Lakini kwenye uso ule wa kale mshikamano ni sifuri na pembe ni nyuzi 11, hivyo ukinzani ni 10.7 tu. Uwiano ni kama 1.02. Maji yakipanda nusu mita, mgandamizo unashuka hadi 50, na uwiano unakuwa kama 0.93, chini ya 1, ndipo ardhi husogea. Nusu mita tu!

Sababu iko kwenye chembe zenyewe. Chembe za mfinyanzi ni bapa kama magamba. Katika udongo mzima zimelala ovyo, zinazuiana. Ardhi ikishateleza vya kutosha, zile za kwenye uso hulala upande mmoja, na hata miaka mingi ikipita hazirudi kulala ovyo. Ukinzani mdogo unaobaki hapo ndio nguvu baki. Udongo wenye mchanga mwingi hauathiriki hivyo, kwa sababu chembe za mviringo hubingirika badala ya kujipanga.

Uso huo huweza kuwa na unene wa milimita chache, na kuchoronga hupita bila kuuona. Mimi sasa nachimba shimo la uchunguzi, lenye kuta zilizoegemezwa, na kupasua mabonge kwa mkono. Bonge likiachana lenyewe kwenye sura laini inayong'aa, yenye michirizi kuelekea bondeni, umeupata. Pima udongo wa hapohapo kwa mashine ya pete, inayozungusha sampuli polepole upande mmoja hadi ukinzani uache kushuka. Kisanduku cha kawaida cha kukata husogea milimita chache tu na kusimama mapema, ukaandika nguvu iliyo kubwa kuliko halisi. Na tumia mgandamizo unaolingana na kina chako, kwa kuwa pembe ya nguvu baki hupungua mgandamizo unapoongezeka.