Oksikodoni na diazepamu kwa mgonjwa mmoja

"Mama kafanyiwa upasuaji wa nyonga hapa Marekani, anakunywa oksikodoni. Daktari mwingine kamwandikia diazepamu apate usingizi, ila mfamasia kagoma kuitoa. Si dozi zote mbili ni ndogo?"

Dada, mimi ni muuguzi wa zamu za usiku hapa Minnesota, na najibu kwa sababu ya yaliyompata shangazi yangu. Alipewa oksikodoni miligramu 5 kila saa sita na diazepamu miligramu 5 usiku. Madaktari wawili, maduka mawili ya dawa, na hakuna aliyekosea dozi.

Kinachotusukuma kuvuta pumzi hasa ni hewa ya ukaa inapozidi kwenye damu. Oksikodoni hutuliza maumivu, lakini pia huzubaisha sehemu ya shina la ubongo inayoihisi hewa hiyo. Aliyelala nayo peke yake bado ana kinga: ukaa ukizidi, hushtuka, akajigeuza, akavuta pumzi ndefu. Diazepamu humnyang'anya kinga hiyo. Usingizi unakuwa mzito mno, misuli ya koo inalegea, na njia ya hewa inajibana.

Usiku wa kwanza shangazi alilala vizuri, na hapo ndipo tulipodanganyika. Diazepamu haitoki mwilini upesi, hasa kwa mzee. Anapomeza kidonge cha leo, kiasi kikubwa cha jana bado kimo. Kufikia usiku wa nne dozi ilikuwa ileile, lakini dawa iliyokuwamo mwilini ilikuwa imeongezeka sana.

Binamu alinipigia akasema mama yake kalala fofofo, anakoroma. Nilifika nikasikia mkoromo wa kugugumia, kama maji yamekwama kooni. Nilimwita, nikamsugua kifuani kwa ngumi, hakufumbua macho. Nikahesabu pumzi kwa dakika nzima: saba. Mtu mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 20. Ndani ya midomo alikuwa wa kijivu (kwa ngozi zetu nyeusi, tazama hapo na kwenye kucha).

Tulipiga 911, nikampulizia puani naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya oksikodoni. Pumzi zilirudi, ila alibaki anasinzia, kwa kuwa naloksoni haiigusi diazepamu. Tena nguvu yake yaweza kwisha ndani ya saa moja na nusu, oksikodoni ikiwa bado imo. Ndiyo maana walimlaza.

Mfamasia wako ana sababu. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliweka onyo lake kali kabisa dhidi ya kuchanganya dawa za jamii ya afyuni, kama oksikodoni, na za jamii ya diazepamu. Utafiti kwa wanajeshi wastaafu wa hapa Marekani waliopewa dawa za jamii ya afyuni ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya kuzidiwa na dawa vilitokea wakati mgonjwa ameandikiwa zote mbili.

Mpigie daktari aliyempasua, mwambie kuhusu hiyo diazepamu. Lakini ikiwa mama amekuwa akiinywa kwa wiki kadhaa kutoka kwingine, msiikatishe ghafla, anaweza kupata degedege. Hupunguzwa polepole na daktari. Na leo hii nunua naloksoni ya puani. Tangu 2023 inauzwa bila cheti cha daktari.