Kabla hujakata kadi, jua unene wa ukuta wako

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza wa usanifu majengo, kila mwaka naona wengi wenu mnanunua kadi kwanza, ndipo mnauliza modeli itakuwa ya skeli gani. Mimi nilianza hivyo hivyo, na iliniharibia kazi ya muhula mzima. Nitawaeleza ilivyokuwa, kisha niwaonyeshe nilivyoirudia, maana kazi ile ile moja ilinifundisha lini nishike fomu, lile povu gumu jepesi, lini nishike kadi na lini niende kwa seremala kuomba vipande vya mbao.

Tulipewa nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Zanzibar, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Upana wake wa nje ulikuwa mita 7, urefu mita 12, paa limeshaanguka. Tulitakiwa kupendekeza jinsi familia inavyoweza kuishi tena humo. Nikanunua kadi ya kijivu ya milimita 2, ile mafundi wa vitabu wanayotengenezea majalada, nikajenga kwa 1:100. Modeli ilipendeza. Vyumba viwili vilikaa sambamba, na katika kimoja nikaweka ngazi ya sentimita 90 kandokando ya ukuta.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu aliiangalia kwa muda, akaniuliza, "Kuta za nyumba hii ulizipima?" Nilikuwa nimezipima. Daftarini kwangu imeandikwa sentimita 50. Lakini kadi ya milimita 2 kwa 1:100 ni ukuta wa sentimita 20. Huo ni ukuta wa tofali la saruji pamoja na plasta yake, si ukuta wa matumbawe.

Fanyeni hesabu hii pamoja nami. Kuta tatu za sentimita 20 zinakula sentimita 60, zinabaki mita 6.4, kila chumba kinapata mita 3.2. Kuta tatu za sentimita 50 zinakula mita 1.5, zinabaki mita 5.5, kila chumba kinapata mita 2.75. Katika chumba chenye ngazi nilidhani ninabakiwa na mita 2.3, kumbe ni mita 1.85. Kitanda hakilali kwa upana humo. Na hata bila ngazi, chumba cha mita 3.2 kisingewezekana kwa ujenzi wa asili wa pale, kwa sababu dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo ndizo zilizoamua vyumba vya mwambao viwe vyembamba na virefu, upana wake takriban mita mbili na nusu hadi karibu tatu. Kadi yangu ilikuwa imebuni nyumba isiyokuwepo.

Tangu siku hiyo, kabla sijatoa hela dukani nazidisha unene wa kadi kwa skeli. Milimita 5 za fomubodi, ile fomu nyeupe iliyobanwa kati ya karatasi mbili, ni nusu mita kwa 1:100 na robo mita kwa 1:50. Kwa nyumba ya kawaida ya matofali, fomubodi kwa 1:100 inakupa kuta za ngome. Kwa nyumba ya matumbawe ni unene wenyewe hasa. Nyenzo haina ubaya wala uzuri mpaka uijue skeli.

Sasa nieleze nilivyoirudia.

Nilianza na mtaa, kwa 1:200, kwa fomu tupu. Katika skeli hiyo nyumba yangu ni kijibonge cha milimita 35 kwa 60, na uchochoro wa mita 2 ni nafasi ya milimita 10. Hapa usikate madirisha wala usitengeneze kuta. Unachotafuta ni kujua jengo lina kimo gani mbele ya jirani yake, na ukiongeza ghorofa, kivuli kinamwangukia nani. Fomu inafaa kwa sababu unaikata kwa sekunde chache na kuitupa bila uchungu. Nilikata nyumba yangu kwa vimo vitano tofauti, nikawa navibadilisha pale pale mtaani.

Ila fomu nazo hazifanani. Ile ya kufungashia friji imetengenezwa kwa punje. Punje ya milimita 3 kwa 1:200 ni sawa na sentimita 60, kwa hiyo kona ya jengo ikimeguka punje moja umepoteza dirisha zima. Tafuta ile iliyoshikamana, isiyo na punje zinazoonekana, mara nyingi ina rangi ya buluu au ya waridi. Ikatie kwa waya wa moto, na ufanye hivyo nje au dirishani penye upepo, kwa sababu moshi wake ni sumu. Gundi nayo ichunge: supagluu na gundi ya viatu huitafuna fomu mpaka inabaki shimo, na rangi ya kupuliza hufanya vivyo hivyo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Gundi nyeupe ya mbao haiidhuru, lakini kati ya vibonge viwili vipana inaweza kubaki mbichi kwa siku kadhaa kwa kukosa hewa. Paka matone machache, kisha shikiza kwa kijiti cha meno.

Baada ya mtaa niliruka 1:100 nikaenda 1:50, kwa kuwa swali langu lilikuwa ndani ya vyumba. Ukuta wa sentimita 50 hapa ni milimita 10, yaani fomubodi mbili za milimita 5 zilizobandikwa pamoja. Jumla ya upana ni milimita 140: kuta tatu za 10, vyumba viwili vya 55. Hesabu ikifunga hivi kabla ya kukata, modeli itasimama.

Tabaka hizo mbili zilinipa zawadi ambayo sikuitarajia. Nyumba za mwambao zina zidaka ukutani, vile vijishimo vya kuwekea taa na vyombo. Nilitoboa tabaka la ndani tu, la nje nikaliacha zima, kisha nikabandika. Kidaka kikatokea chenyewe, kina robo mita kwenda ndani, na kwa mara ya kwanza nikauona unene wa ukuta kama mahali pa kutumia. Kabati nililokuwa nimelichora katikati ya chumba nikalifuta. Vitu viliingia ukutani, na zile mita 2.75 zikabaki za watu.

Namna ya kukata fomubodi ni hii: pitisha kisu mara tatu, kwanza ukate karatasi ya juu, halafu fomu, mwisho karatasi ya chini. Anayetaka kumaliza kwa mkato mmoja huilaza ncha bila kujua, na ukingo unatoka mshazari. Ukiona fomu inachanika na kutoa vumbi badala ya kukatika laini, wembe umekwisha. Vunja ncha uendelee. Mimi huvunja ncha kila baada ya ukuta mmoja au miwili. Kwenye kona usikutanishe ncha mbili zikaonyesha fomu. Upande mmoja ondoa karatasi ya ndani na fomu kwa kadiri ya unene wa ukuta unaokuja, uache karatasi ya nje ikiwa nzima, kisha ifunike ncha ya mwenzake.

Kwa boriti nilitumia vijiti vya mishikaki. Kijiti cha milimita 3 kwa 1:50 ni boriti ya sentimita 15, na ukipata vyembamba zaidi, vya milimita 2.5, unakaribia zaidi boriti nyingi nilizozipima. Chumba kina milimita 55, na kila kichwa cha boriti kinaingia ukutani milimita 4, kwa hiyo kila kipande ni milimita 63. Kijiti kimoja kinatoa vitatu. Kwa chumba cha urefu wa mita 5.5, nikizipanga kila baada ya milimita 6, nilihitaji boriti 18, yaani vijiti sita. Usikate kwa mkasi, mwanzi utapasuka; uviringishe chini ya kisu mpaka uachie. Dari lote nilibandika juu ya fremu inayonyanyuka, ili mtu aweze kuchungulia ndani.

Jambo moja la sisi wa pwani. Wakati wa masika kadi hunywa unyevu. Ukipaka gundi ya maji upande mmoja tu, inajikunja kabla hujala chakula cha jioni. Kadi ina mkondo wake kama mbao: ikunje kidogo kwa urefu, kisha kwa upana, inakokunjika kwa urahisi, mkunjo unafuata mkondo. Kuta ndefu zikate mkondo ukienda na urefu, paka gundi kidogo, na uzilaze usiku kucha chini ya vitabu vizito.

Mbao nilizigusa mwisho, kwa 1:5, na kwa sehemu moja tu ya nyumba: kichwa cha boriti kinapoingia ukutani. Hapo ndipo nyumba hizi huumia, maji yakipenya kwenye chokaa kichwa huoza huku boriti iliyobaki ni nzima. Mpini wa fagio wenye milimita 24 kwa skeli hiyo ni boriti ya sentimita 12. Ukuta ukawa fomu ya sentimita 10. Kadi isingenisaidia hapa, kwa sababu haina nyuzi. Huwezi kuikata kichwa kilichooza ukahisi kilichobaki kinashika vipi.

Nilikata mpini pale boriti inapoingia ukutani, ukaanguka, kama nilivyotegemea. Nikaomba kipande cha mninga kwa seremala, milimita 30 kwa 30, nikakiweka chini ya boriti kando ya ukuta kama mhimili wa kuzipokea zote. Mpini ukakaa imara. Kisha nikapima: mhimili huo ni sentimita 15 kwa 15. Kwa ukutani hilo si neno, lakini upande wa mlango unashuka chini kuliko ukingo wa juu wa fremu, na mtu mrefu angegonga kichwa. Nilirudi kwenye modeli ya 1:50 siku hiyo hiyo, nikahamisha mlango hadi ukuta mfupi, ule ambao boriti haziuegemei.