Enter inarudi kolamu A mara moja moja tu

"Naingiza risiti za duka Kariakoo kwenye Excel. Nikimaliza mstari na kubonyeza Enter, mara narudi A, mara nashuka palepale D. Kwa nini?"

Ndugu, mchawi wako ni mshale. Excel hukumbuka kolamu ulipoanzia kubonyeza Tab. Andika tarehe A2, Tab, bidhaa, Tab, idadi, Tab, bei D2, kisha Enter: unatua A3. Ukitoka C2 kwenda D2 kwa mshale au kwa kubofya kipanya, kumbukumbu hiyo inafutika, na Enter inakushusha D3. Ukigundua umekosea bidhaa, malizia mstari kwanza ndipo urudi. Ila herufi ukiikosea ungali unaandika, bonyeza F2. Hapo mishale hutembea ndani ya seli bila kukuhamisha.