Maneno ya kumpelekea binti wa watu

"Shikamoo mama. Kuna dada nilikutana naye kwenye semina ya wahasibu Morogoro. Ni Mwislamu wa hapo hapo Tanga, anaishi kwao, na kaka yake nasikia ni mkali. Naona kama naye ananielekea. Nimwandikie vipi, na nipitie njia gani, asije akapata matatizo nyumbani?"

Marahaba Dani.

Kabla ya maneno, jiulize nani atalipa mkijulikana. Wewe utasemwa na baba yako mdogo wa Muheza, utanuniwa kidogo, kisha utaalikwa kwenye arusi kama kawaida. Yeye anaweza kunyang'anywa simu, kukatazwa kazi, kupelekwa kwa shangazi yake, au kuozwa haraka haraka kwa mtu asiyemtaka. Kwa hiyo saa ya kuzungumza, njia na mwendo anavipanga yeye. Wewe fuata. Akikaa kimya siku kadhaa usimuulize "mbona kimya", maana hujui simu iko mkononi mwa nani.

Sasa maneno. Nimeuza kanga Ngamiani tangu hujaanza shule, na wateja wangu wa mapenzi nilikuwa nawajua hata kabla hawajafungua mdomo. Mwanamume anaingia, anajifanya anatafuta rangi, kumbe anasoma jina la kanga. "Japo sipati tamaa sikati" ilikuwa haikai rafuni. Akishanunua hampelekei binti mwenyewe. Anampa shoga yake, au anaichomeka katikati ya zawadi za Idi. Binti akiivaa akapita nayo pale jamaa anapokaa, amejibu. Akimpa mama yake ajifunge jikoni, amejibu vilevile, na hakuna aliyeaibika. Baba mtu akiuliza, kanga ni kanga, maandishi yamechapwa kiwandani, nusu ya wanawake wa mtaa wanayo. Hapo ndipo pa kujifunza, wala si kwenye ushairi: neno likisomwa na mtu mwingine liwe na maana ya kawaida iliyo kweli, na binti awe na njia ya kulikataa bila kusema hapana.

Vijana mnafanya kinyume. Mnaandika "Nimekuota usiku, usimwambie mtu." Hilo "usimwambie mtu" ndilo litakalomtia matatani. Kaka akilisoma, hana haja ya kuuliza tena.

Andika kitu kilichotokea kweli. Uliniambia alikuonyesha namna ya kulinganisha hesabu za mwisho wa mwezi na taarifa ya benki. Basi mwandikie mchana: "Dada, ile njia yako ya Morogoro nimeitumia leo, hesabu zimekubali. Bosi kauliza nani kanifundisha." Basi. Usiongeze kopa wala ua. Kisha tazama anavyorudisha. Akisema "Hongera, kazi njema," mlango umerudishwa kwa adabu, na wewe uuache ulivyo. Akisema "Ukamjibu nani?" amekuuliza swali ambalo halikuwa na lazima, na mtu aliyechoka na wewe haulizi swali. Hapo unaweza kusogea hatua moja: "Nikamwambia mtu mmoja wa Tanga anayekunywa chai bila sukari na anawacheka wanaotia vijiko vitatu." Umemwambia kwamba ulimtazama, na kwamba unakumbuka. Hujataja macho yake, umbo lake wala marashi yake. Kaka akisoma atakunja uso, lakini hana cha kushika.

Halafu mwachie zamu. Akileta yeye habari isiyo ya kazi, mvua ya Tanga, paka wao, daladala iliyomchelewesha, mazungumzo yanakwenda. Akiwa anajibu kazi tupu, au anakutumia kidole gumba, basi hata fumbo zuri namna gani ni kumsumbua.

Kitu kinachowaponza watu zaidi ya maneno ni saa. Ujumbe wa hesabu za benki uliotumwa saa tano na nusu usiku si wa hesabu za benki, na kila mtu nyumbani anajua hivyo. Kioo kikiwaka gizani, mama mtu anakiona kutoka chumba cha pili. Andika saa za kazi, yeye akiwa ofisini, na usiku ulale. Ujumbe wa sauti usitume kabisa. Akiufungua bila kuweka simu sikioni, sauti yako inajaa sebule.

Sasa simu yenyewe. Swali la kwanza si programu gani ni ya siri, ni nani aliyemfungulia simu hiyo. Wasichana wengi hapa kwetu simu wamenunuliwa na kaka, na kaka ndiye aliyeingiza Gmail siku ya kwanza, mara nyingi yake mwenyewe. Ikiwa hivyo, kila namba anayoihifadhi kwenye akaunti ile inajitokeza na kwenye simu ya kaka, na picha zikiwa zimewekwa zijihifadhi mtandaoni, kaka anaziona akiwa kitandani kwake. Hakuna aliyemchungulia, simu imesema yenyewe. Anaweza kutazama mwenyewe: aingie kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, aone ni anwani ya nani. Kisha afungue WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, aone kama kuna kompyuta ya nyumbani au tableti ya wadogo zake inayosoma kila kinachoingia. Akikuta kifaa, asikimbilie kukiondoa, maana aliyekiunganisha atajua kimeondolewa. Ni heri akiache, na ninyi muandike ya kazi tu hadi hapo mtakapoonana.

Kuhifadhi jina lako kama "Mama Asha" au "Fundi Cherehani", hapana. Siku moja Mama Asha atapiga, mdogo wake apokee, asikie sauti nzito ya kiume, na hapo uongo wenyewe ndio ushahidi. Akuhifadhi jinsi ulivyo: "Daniel Semina Moro". Mhasibu kuwa na namba ya mhasibu mwenzake hakuhitaji maelezo.

Kufuta nako kuna mtego. Ukituma neno ukaogopa ukalifuta kwa wote, pale panabaki alama kuwa ujumbe umefutwa, na mtu akiona alama kama tano anajijazia mwenyewe mabaya kuliko uliyoandika. Meseji za kujifuta zenyewe, za saa 24, siku 7 au siku 90, ni bora kidogo, ila nazo zinaonekana kuwa zimewashwa. Zikiwa zimewashwa kwako peke yako, ni kama kuandika jina lako ukutani. Akizitaka, aziweke ziwe za kawaida kwa mazungumzo yake yote, na ya shoga zake yamo. Na kumbuka haziwezi kumzuia mtu kupiga picha ya skrini.

Na usimtumie hela. Najua utataka, umefundishwa kutoa. Lakini ukimrushia elfu ishirini ya vocha na nauli, kwenye simu yake inaingia meseji yenye majina yako kamili ya usajili, kiasi na saa. Mhasibu mzima hukulifikiria hilo?

Kuna jambo moja inabidi mlipange kwa mdomo, mkiwa mmekaa, lisiandikwe popote. Yeye ndiye awe anaanza mazungumzo, na awe na salamu ya kuonyesha simu anayo mwenyewe. Tuseme akiwa huru anaanza na "Habari za kazi", na akiwa na watu, au simu ikiwa kwa mwingine, ni "Shikamoo kaka", au inakuja meseji bila salamu yoyote. Siku utakayopata "Nipigie sasa hivi nimekukumbuka" kavu kavu, jua huenda ni kaka anavua. Usipige. Jibu baadaye, mchana, kama mfanyakazi mwenzake: "Dada, ulikuwa na shida ya hesabu?" Ukijibu hivyo umemwokoa. Ukijibu kwa mahaba, au ukinyamaza ukambloki, umemchoma.

Mtu wa katikati awe mmoja, na amchague yeye. Asiwe binamu. Binamu anampenda, sawa, lakini siku akibanwa na mama yake mkubwa atasema, na hutakuwa na haki ya kumlaumu. Shoga wa kazini ni bora, kwa kuwa hana cha kugombania kwenye ukoo wao.

Yote hayo ni ya kuonjana tu. Fumbo lisivuke hapo. Ukifika mahali unataka kujua kama anakutaka, muulize kwa Kiswahili cha kunyooka, uso kwa uso, mchana, mahali penye watu ambapo mhasibu na mhasibu wanaweza kukaa: kantini, mapumziko ya semina nyingine. Muulize mara moja. Nimeona mwanamume akijidanganya mwaka mzima kwamba binti anajibu mafumbo yake, kumbe mwenzie anavaa kanga tu. Na mwanamke anayeogopa kwao anaweza kushindwa kukukatalia kwa wazi kwa hofu kwamba utaudhika ukamwaga siri. Mwambie mapema kwamba akisema hapana, meseji zote zimekufa na wewe. Kisha iwe kweli.

Akisema ndiyo, hapo siri inaanza kuisha, mjue hilo wote wawili. Kwa dini yake, mwanamke wa Kiislamu haolewi na asiye Mwislamu, kwa hiyo kwa kadhi hamtafika ninyi mlivyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya huku Bara inawaruhusu kufunga ndoa ya serikali, na yeye akiwa ametimiza miaka 18 hahitaji ridhaa ya mzazi. Ila mnapaswa kutoa taarifa siku 21 kabla, na taarifa hiyo hutangazwa. Kwa mji kama Tanga siku ya pili mama yake ameshaambiwa sokoni. Kwa hiyo kwao wasikie kwanza kutoka kwenye mdomo wake, siku aliyoichagua, akiwa na pa kulala usiku ule endapo watamfukuza. Chumba cha dada yako kipo. Na usibadili dini ili kumpata kabla hamjakaa mkaongea, maana hilo ni jambo la maisha yako hata kama yeye hayumo.

Baba yako sijamwambia, na sitamwambia mpaka useme. Lakini simu yangu huwa anaishika akitafuta matokeo, kwa hiyo barua hii usiijibu kwa meseji. Nipigie siku Coastal wakicheza Mkwakwani, hapo hayupo nyumbani hadi jioni.

Mama yako